Wakikwambia "chukua nyumba, tupunguze mshahara": piga hesabu hii kabla ya kusaini

Mpwa wangu alinijia Ngamiani jioni moja, barua imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Ni fundi umeme wa mitambo katika kiwanda kimoja njia ya Pongwe. Barua yenyewe ilikuwa na aya mbili tu: kuanzia mwezi ujao kampuni itampa nyumba ya kukaa, na mshahara wake wa msingi utashuka kutoka 1,200,000 hadi 950,000. Chini pameachwa mstari wa sahihi.

"Shikamoo mjomba. Nisomee hii," akasema. "Nyumba ninayokaa Makorora nalipa laki mbili na nusu. Wao wanapunguza laki mbili na nusu. Si ngoma droo?"

Nimeandaa mishahara miaka mingi, nikiwa upande wa mwajiri, na barua za namna hii nimeshazichapa mwenyewe. Huwa si droo. Mara nyingine mfanyakazi anatoka na faida, mara nyingine anaumia bila kujua kwa sababu mwezi wa kwanza fedha mkononi huongezeka kidogo na yeye hufurahi. Nitawapitisha hatua zile zile nilizompitisha yeye, kwa hesabu yake yeye. Jambo moja la lugha kwanza: sisi neno "kodi" tunalitumia kwa serikali na kwa mwenye nyumba vilevile. Hapa nikisema kodi ni ile ya TRA, na fedha ya mwenye nyumba nitaiita pango.

Mtindo huu wa kuachia sehemu ya mshahara ili upewe kitu si mgeni Tanga. Waliokata mkonge enzi za ukoloni walifanya kazi kwa kipande na juu yake wakapimiwa posho ya unga na maharage. Tofauti ya leo ni kwamba kuna kodi ya mshahara na kuna NSSF, na viwili hivyo ndivyo vinavyoamua nani anakula na nani analiwa. Ninayoeleza yanamhusu mwajiriwa wa sekta binafsi, Tanzania Bara. Mtumishi wa serikali ana utaratibu wake: posho ya nyumba na ya usafiri anayolipwa kutoka bajeti ya serikali tayari haitozwi kodi, kwa hiyo hana sababu ya kubadilishana na mtu.

Hatua ya 1: Kaione nyumba, kisha uliza majirani

Usianze na kalamu. Anza na miguu. Nilimwambia achukue baiskeli Jumamosi akaione nyumba, aulize nyumba za jirani zinapangishwaje. Akakuta ni nyumba za kampuni za zamani, vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji nyekundu imepasuka mlangoni, bati la jikoni lina matundu unayaona mchana kama nyota. Mita ya LUKU ipo, maji yapo. Jirani wa upande wa pili anapangisha nyumba inayofanana kwa 230,000.

Hapo tayari tumepata mambo matatu. Kwanza, anaombwa aachie 250,000 kwa kitu ambacho sokoni ni 230,000. Pili, barua haikusema nani ananunua umeme, nani analipa maji na nani anaziba bati. Tatu, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, nyumba ni mali ya kampuni, hawajaipanga kwa mtu. Mtaona kwa nini nililishikilia.

Hatua ya 2: Angalia kama ni mabadiliko ya mshahara au ni makato

Watu wanachanganya hapa, hata baadhi ya maafisa utumishi. Kuna njia mbili za kuandika jambo hili kwenye hati ya mshahara.

Njia moja: mshahara wa msingi unabaki 1,200,000, halafu kwenye upande wa makato kunaandikwa "nyumba 250,000". Hayo ni makato. Kwa macho ya TRA umelipwa 1,200,000 yote, na ile 250,000 ni pango unalomlipa mwajiri. Kodi haishuki hata shilingi. NSSF nayo haiguswi. Ni sawasawa na kumlipa mwenye nyumba wako wa Makorora, ila mwenye nyumba sasa ni bosi wako. Na makato ya namna hii hayawezi kufanywa kiholela: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka yawe yanaruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au wewe mwenyewe uwe umekubali kwa maandishi kwa ajili ya deni.

Njia ya pili: mkataba unabadilishwa kabla mwezi haujaanza, mshahara mpya unakuwa 950,000, na nyumba inakuwa sehemu ya malipo yako. Hii ndiyo yenye athari kwenye kodi na NSSF. Neno "kabla" si la kupamba. Ukishaufanyia kazi mshahara wa mwezi, huo ni wako na kodi yake imeshazaliwa. Huwezi kurudi nyuma tarehe 28 ukasema mwezi huu nilichukua nyumba badala ya fedha.

Barua ya mpwa wangu ilikuwa ya njia ya pili. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi anapobadili masharti yaliyoandikwa, kisha ampe mabadiliko kwa maandishi. Kwa hiyo ule mstari wa sahihi haukuwa wa kuthibitisha kwamba amepokea barua. Ulikuwa wa kukubali, na mtu anayeombwa kukubali ana haki ya kurudi na sharti lake.

Hatua ya 3: Andika unachopata leo

Chukua hati ya mshahara ya mwezi uliopita, weka karatasi pembeni. Viwango vya kodi ya mshahara vinavyotumika Bara tangu Julai 2021 ni hivi, kwa mwezi, baada ya kutoa mchango wako wa NSSF:

- hadi 270,000: hakuna kodi
- 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000
- 520,000 hadi 760,000: 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000
- 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000
- zaidi ya 1,000,000: 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000

Mpwa wangu analipwa 1,200,000. NSSF asilimia 10 ni 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi. Kodi yake ni 128,000 na asilimia 30 ya 80,000, yaani 152,000. Mkononi 928,000. Akishalipa pango la 250,000 anabaki na 678,000 ya kula, kuvaa na kumtumia mama.

Hiyo 678,000 iandike juu ya karatasi, izungushie duara. Kila pendekezo litapimwa dhidi yake.

Hatua ya 4: Jua TRA wanaithaminije nyumba

Wengi wanadhani nyumba ya kampuni haina kodi kwa sababu hawaioni fedha. Si kweli. Nyumba uliyopewa kwa ajili ya kazi ni mapato ya ajira, na thamani yake inaongezwa kwenye mshahara kabla ya kupiga kodi. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato haiithamini kwa pango la sokoni moja kwa moja. Inalinganisha namba tatu.

Namba ya kwanza ni pango la sokoni. Ya pili ni asilimia 15 ya mapato yako ya kazi bila kuhesabu hiyo nyumba. Ya tatu ni gharama ambayo mwajiri anaidai kwenye hesabu zake za kodi kwa ajili ya nyumba hiyo. Unachukua iliyo kubwa kati ya ya pili na ya tatu, unaiweka sambamba na pango la sokoni, na inayotumika ni iliyo ndogo. Kama unamlipa mwajiri pango lolote, linatolewa humo.

Soma tena taratibu, kwa sababu ndani ya sentensi hiyo ndimo ilimo faida yote au hasara yote.

Tuseme kampuni ingempangia nyumba ya mtu kwa 250,000. Gharama wanayoidai ni hiyo 250,000. Inazidi asilimia 15 ya 950,000, ambayo ni 142,500. Kwa hiyo iliyo kubwa ni 250,000, na sokoni napo ni 250,000. Thamani ya kodi ni 250,000 kamili. Fedha zimetoka mlangoni na kurudi dirishani. Hesabu yake: 950,000 na 250,000 ni 1,200,000, toa NSSF ya 95,000, inabaki 1,105,000, kodi 159,500. Umeona? Kodi imepanda kutoka 152,000, kwa sababu mchango wa NSSF unaopunguza kodi umekuwa mdogo. Mkononi angebaki na 695,500.

Sasa nyumba ya kweli, ile ya matundu ya bati. Kampuni iliijenga zamani. Kinachodaiwa kwenye hesabu zao ni uchakavu na matengenezo, na mwenye bati kama lile hadai matengenezo mengi. Tuseme 50,000 kwa mwezi. Iliyo kubwa hapo ni asilimia 15, yaani 142,500. Sokoni ni 230,000. Iliyo ndogo ni 142,500, basi hiyo ndiyo inayoongezwa. Hesabu: 950,000 na 142,500 ni 1,092,500, toa NSSF 95,000, inabaki 997,500. Kodi ni 68,000 na asilimia 25 ya 237,500, jumla 127,375. Mkononi 727,625.

Weka hizi dhidi ya duara letu la 678,000. Nyumba ya kupangwa inampa 17,500 zaidi mkononi. Nyumba ya kampuni inampa 49,625 zaidi. Ndiyo maana nilimtuma aulize nyumba ni ya nani kabla ya kitu kingine chochote.

"Karibu elfu hamsini kila mwezi!" akasema, akanyoosha mkono achukue kalamu. Nikamwambia ashushe mkono, chai haijaisha.

Hatua ya 5: Tafuta ongezeko limetoka wapi

Fedha ikizidi mkononi, kuna mahali imepungua. Mpwa wangu alipunguziwa kodi kwa 24,625 tu. Ile 25,000 iliyobaki ni mchango wake mwenyewe wa NSSF ambao haukukatwa, kwa kuwa asilimia 10 sasa ni ya 950,000. Hiyo si faida, ni akiba yake imerudishwa mfukoni kabla ya wakati. Na mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake. Zamani aliweka 120,000, sasa 95,000. Hiyo 25,000 ya upande wa pili haikwenda kwa mpwa wangu wala NSSF. Imebaki kampuni.

Kwa hiyo kila mwezi mkononi anaongeza 49,625 na NSSF inapoteza 50,000. Tofauti ni shilingi 375, na ni dhidi yake. Kwa ile nyumba ya kupangwa ingekuwa mbaya wazi: anaongeza 17,500, anapoteza 50,000.

Hapa niwe mkweli, kwa sababu nimeona watu wakitisha wenzao kwa NSSF bila kuielewa. Pensheni ya kila mwezi haihesabiwi kwa kujumlisha shilingi ulizoweka. Inahesabiwa kwa miezi uliyochangia na wastani wa mishahara iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Mpwa wangu ana miaka 31. Akikaa na mshahara wa 950,000 kwa miaka mitano kisha ukapanda, miezi yake inahesabiwa vilevile, na mishahara hii ya sasa haitaingia kwenye wastani. Kwake yeye hasara ya NSSF ni ndogo kuliko hiyo 50,000 inavyoonekana, mradi atafikisha miezi 180 ya kupata pensheni. Mtu wa miaka 52 akisaini barua ileile anajikata mguu, kwa sababu hiyo ndiyo miaka itakayopimwa.

Hatua ya 6: Hesabu vinavyoning'inia kwenye mshahara wa msingi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwa fundi ndiyo iliyotoboa mtumbwi.

Ovataimu kisheria ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo inalipwa kwa msingi. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Na msingi kwa tafsiri ya sheria hauchukui posho.

Mshahara wa mwezi kwa wiki ya saa 45 unagawanywa kwa takribani saa 195. Kwa 1,200,000, saa moja ni 6,154 na ovataimu yake 9,231. Kwa 950,000, saa ni 4,872 na ovataimu 7,308. Kila saa ya ziada anapoteza 1,923. Mpwa wangu hufanya saa 20 kwa mwezi bila kujitutumua, mitambo ikiharibika zaidi. Saa 20 ni 38,460 kabla ya makato. Ile "karibu elfu hamsini" imeshaliwa sehemu kubwa na hata hatujagusa usiku.

Kiinua mgongo nacho: kwa wiki ya siku sita, mwezi ni siku 26. Siku 7 za mshahara wa zamani ni 323,077, za mshahara mpya 255,769. Tofauti ni 67,308 kwa kila mwaka wa kazi. Mtu wa miaka 10 anakosa 673,000 na ushee siku anayotolewa, na siku hiyohiyo anatakiwa kuhama nyumba. Nilimshuhudia jamaa mmoja, si wa kiwanda hiki, akitoa vitanda nje usiku kwa sababu barua ya kazi na barua ya nyumba zilikuja kwenye bahasha moja.

Ukiwa na mkopo wa elimu ya juu, marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo makato yatapungua lakini deni linabaki palepale, litachukua miezi zaidi. Na ukienda benki kuomba mkopo wataangalia hati ya mshahara inayosema 950,000. Nyumba hawaioni.

Hatua ya 7: Rudi mezani na maneno, si manung'uniko

Mpwa wangu hakukataa. Kulikuwa na faida ya kodi ya kweli, 24,625 kila mwezi, na mwajiri alikuwa anaokoa 25,000 ya NSSF. Kuna kitu cha kugawana. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja na kuomba mambo manne.

La kwanza, punguzo liwe 230,000 na si 250,000, kwa kuwa ndiyo bei ya jirani. Mshahara mpya 970,000. Nilipiga tena: NSSF 97,000, thamani ya nyumba 145,500, kodi 133,550, mkononi 739,450. Dhidi ya 678,000 ni ongezeko la 61,450, na NSSF inapungua 46,000 pande zote mbili. Sasa yuko mbele kwa 15,450 hata akihesabu akiba yote kama hasara.

La pili, kifungu kimoja tulichokiandika hivi: "Kwa madhumuni ya kukokotoa ovataimu, kazi ya usiku, sikukuu, likizo, kiinua mgongo na nyongeza ya mwaka, mshahara wa msingi wa mfanyakazi utahesabiwa kuwa 1,200,000." Kama ungeniambia nichague kifungu kimoja tu katika barua nzima, ningeacha vingine vyote nishike hiki. Sheria inaweka kiwango cha chini. Kukubaliana zaidi ya hapo hakuna anayekatazwa. Nyongeza ya mwaka msiisahau: asilimia 5 ya 970,000 na asilimia 5 ya 1,200,000 hazifanani, na pengo linakua kila mwaka.

La tatu, siku 60 za kuhama baada ya ajira kukoma, na haki ya kurudi kwenye mshahara wa zamani kwa kutoa taarifa ya mwezi mmoja. Ndoa, mtoto, mama kuugua akahamia kwako, lolote linaweza kufanya nyumba ya vyumba viwili isikutoshe.

La nne, bati, na LUKU ni ya nani. Ujue kwamba wakikulipia umeme nao unathaminiwa na kutozwa kodi, kwa hiyo si zawadi bure.

Wakati wa kungoja majibu endelea kupokea mshahara wako wa zamani. Ukiona mwezi umefika na hati inasema 950,000 bila sahihi yako, usikae kimya miezi mitatu ukidhani utadai baadaye. Andika barua siku hiyohiyo, na ikishindikana mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi.

Kama kinachotolewa si nyumba

Hatua ni zilezile, kinachobadilika ni ya nne, yaani TRA wanakithaminije kitu chenyewe.

Bima ya afya ndiyo safi kuliko zote. Mchango wa bima anaolipa mwajiri hautozwi kodi kabisa ukikuhusu wewe, mwenza wako na watoto wasiozidi wanne, na ukitolewa kwa wafanyakazi bila ubaguzi. Mpwa wangu akiachia 80,000 kwa bima, mshahara unakuwa 1,120,000, NSSF 112,000, kodi 130,400, mkononi 877,600. Akiinunua mwenyewe kwa bei hiyohiyo anabaki na 848,000. Ni 29,600 zaidi mkononi dhidi ya 16,000 inayopungua NSSF, kwa hiyo faida ipo bila kubishana. Na bei ya kikundi kwa kawaida hushinda ya mtu mmoja mmoja. Sharti ni hilo la kutobagua. Bima ikiwa ya mameneja peke yao, inaingia kwenye kodi kama fedha nyingine. Chakula cha kantini ya kazini nacho hakitozwi kwa sharti hilohilo.

Gari la kampuni lina bei ya kudumu kisheria, kwa ukubwa wa injini na umri. La cc 1,000 hadi 2,000 lenye zaidi ya miaka mitano linahesabiwa 250,000 kwa mwaka, si kwa mwezi. Gharama yake halisi ni mara nyingi ya hapo, ndiyo maana wakubwa wanapenda gari kuliko posho ya usafiri. Huwa hawawaelezi wadogo, sijui kwa nini.

Wa kipato cha chini yeye asikubali hata kimoja kwa sababu ya kodi. Chukua mtu wa shambani Muheza anayelipwa 350,000. NSSF ni 35,000, inayotozwa kodi ni 315,000, kodi yake yote ni 3,600. Ukimpunguzia 50,000 kwa chakula au chumba, serikali haina cha kumsamehe zaidi ya hizo 3,600, naye anakosa 10,000 ya NSSF pande zote mbili. Hapo anayeokoa ni mwajiri peke yake. Kama chumba ni kizuri na cha bei nafuu akichukue kwa sababu ya chumba, na kima cha chini cha mshahara cha sekta yake kisiguswe.

Jibu la mpwa wangu lilikuja baada ya wiki tatu. Walikubali 970,000. Walikubali kifungu cha ovataimu na kiinua mgongo, wakatoa neno "nyongeza ya mwaka", tukalirudisha, wakaliacha libaki. Siku 60 wakazifanya 45. Alihamia mwanzoni mwa mwezi kwa pikapiki ya rafiki, safari mbili, na bati la jikoni lilizibwa Jumamosi iliyofuata. LUKU bado wanavutana.